Mchuzi wa Kilo Tatu: Nini Kizidishwe Mara Tatu, Nini Kisizidishwe

Kila ikifika futari ya ukoo, hitima au kikao cha arusi, swali hili hurudi jikoni: mapishi yameandikwa kwa kilo moja ya nyama, wageni ni wa kilo tatu, je, nizidishe kila kitu mara tatu? Majibu hupingana. Mmoja atasema ndiyo, hesabu ni hesabu. Mwingine atasema chumvi na viungo usizidishe hivyo, utaharibu chakula cha watu. Wa tatu atasema hata muda ni mara tatu, kwa hiyo mchuzi wa saa mbili na kitu uinjikwe alfajiri ili uive adhuhuri. Wote watatu wamepika na wote wana ushahidi wao, ndiyo maana mabishano hayaishi.

Njia nyepesi ya kuyamaliza ni kuchukua mchuzi mmoja na kuufuata hatua kwa hatua. Tuchukue mchuzi wa kawaida wa nyama ya ng'ombe na viazi. Mapishi ya mwanzo ni haya: nyama kilo 1 iliyokatwa vipande vya sentimita 3 hivi, vitunguu maji 3, nyanya 4, viazi nusu kilo, karoti 2, mafuta vijiko 4 vya chakula, maji lita 1, chumvi kijiko 1 cha chakula, kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, bizari nyembamba iliyosagwa kijiko 1 cha chai, mdalasini kijiti 1, karafuu 3 na pilipili mbuzi 1. Sufuria ina upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 13, nayo huchukua karibu lita 5 ikijaa hadi ukingoni.

Kazi mbili za moto

Kabla ya vipimo, tuelewane kuhusu moto wenyewe, maana hapa ndipo mkanganyiko wote unapoanzia. Katika sufuria ya mchuzi, moto hufanya kazi mbili tofauti.

Kazi ya kwanza ni kupasha joto na kufukuza maji. Vitunguu haviwi vya kahawia mpaka maji yake yaondoke. Nyanya hazigeuki rojo zito mpaka maji yake yapungue. Maji baridi yakimiminwa, lazima yapashwe mpaka yachemke. Kazi hii inategemea wingi wa kilichomo ndani. Jiko lako ni kama bomba la maji: likijaza ndoo moja kwa dakika 10, ndoo tatu zitahitaji kama dakika 30, kwa sababu maji yanatoka kwa kasi ileile. Moto nao, ukiwa ni uleule, una kiasi chake cha joto kwa dakika, na hauongezeki kwa sababu tu umepandishiwa sufuria kubwa.

Kazi ya pili ni kulainisha. Nyama ngumu ina kano na nyuzi ambazo huyeyuka polepole zikikaa kwenye joto la mchuzi unaochemka. Kinachohitajika hapa ni joto na muda tu. Mchuzi ukishachemka kule Dar es Salaam au Mombasa, uko kwenye nyuzi joto karibu 100, uwe wa kilo moja au wa kilo thelathini, na kipande cha nyama cha sentimita 3 hakijui kama jirani zake ni ishirini au mia. Kitalainika kwa muda uleule. (Kinachobadilisha joto hilo ni mwinuko wa mahali. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo nyama ileile huchelewa kidogo kuiva kuliko pwani. Idadi ya wageni haimo.)

Kwa hiyo anayesema muda huongezeka mara tatu anasema kweli kuhusu kazi ya kwanza, na anayesema muda haubadiliki anasema kweli kuhusu ya pili. Kosa ni kuchukua jibu moja na kulitandaza kwenye mapishi yote.

Sufuria: pima upana, si ukubwa wa macho

Watu wengi huchagua sufuria kwa kuitazama, na macho hudanganya. Sufuria iliyoongezeka upana mara mbili na kina mara mbili haichukui mara mbili, huchukua mara nane. Ukiimiminia mchuzi wa kilo tatu, utatandazika chini kama uji kwenye sinia, maji yataondoka haraka na nyama itakauka kabla ya kulainika.

Kwa mchuzi wetu tunahitaji sufuria ya lita 14 au 15. Yenye upana wa sentimita 32 na kina cha sentimita 18 inatosha vizuri. Kama huna rula, chukua chupa ya maji ya lita moja na unusu, umimine na kuhesabu: chupa tisa na nusu hivi zikiijaza, umepata. Chakula chenyewe hakitafika ukingoni. Kikishaingia chote kitakuwa kama lita 9 au 10, na ile theluthi inayobaki juu ndiyo nafasi ya kukorogea, ya povu la nyama na ya mchuzi kuruka bila kumwagika. Wenye kutumia presha wakumbuke kwamba yenyewe haijazwi zaidi ya theluthi mbili, kwa hiyo kilo tatu za nyama na viazi vyake hazifai kusukumizwa kwenye presha ya lita 7. Bora kuchemsha nyama kwa mafungu.

Sasa angalia jambo moja ambalo ndilo litakalotuongoza mpaka mwisho. Chakula kimeongezeka mara tatu, lakini uso wa sufuria haukuongezeka mara tatu. Kutoka upana wa sentimita 22 hadi 32, eneo la chini na la juu limeongezeka kwa zaidi kidogo ya mara mbili tu. Kinachobaki kimekwenda kwenye kina. Kila kinachotegemea eneo, yaani mafuta ya kukaangia, ukavu wa nyama inapokaangwa na mvuke unaotoka juu, hakitafuata hesabu ya mara tatu.

Mafuta ni mfano rahisi. Kazi yake ni kufunika chini ya sufuria ili vitunguu vikaangike. Vijiko 8 au 9 vinatosha. Ukiweka 12, mwishoni utaona mafuta yameelea juu na utakuwa unayachota kwa upawa.

Kukaanga ndiko kunakohitaji subira. Ukitupa kilo tatu za nyama kwa mpigo kwenye sufuria ya sentimita 32, vipande vitarundikana, vitatoa maji, na badala ya kukaangika vitachemka katika maji yake. Utajua kwa sauti: mchakariko wa mafuta hugeuka kuwa mtokoto, na nyama huwa ya kijivu badala ya kahawia. Kaanga kwa mafungu matatu, kila fungu likigusa chini ya sufuria, ukiyatoa na kuyaweka pembeni. Mchuzi wa watu wengi mara nyingi hukosa ladha kwa sababu hatua hii ilirukwa, kisha lawama hupewa chumvi.

Maji: kosa linalozaa mengine

Mapishi yetu yalisema lita 1. Mara tatu ni lita 3. Ukiweka lita 3, jiandae kwa mchuzi mwepesi.

Sababu ni hii. Katika mapishi ya mwanzo, tuseme nusu lita ya ile lita moja ilitoka kama mvuke wakati nyama ikichemka, ikabaki nusu lita kuwa mchuzi. Katika sufuria kubwa tunataka ibaki lita moja na nusu. Je, itatoka kiasi gani? Mvuke unatengenezwa na moto, na moto ni uleule, muda wa kuchemka ni uleule. Kwa hiyo jiko lilelile kwenye moto mdogo litatoa nusu lita ileile, au zaidi kidogo ukiwa umepandisha moto ili sufuria kubwa iendelee kutokota. Lita moja na nusu tunayoitaka, jumlisha nusu lita ya mvuke, ni lita 2. Anza na hizo 2, na uwe na birika la maji ya moto pembeni. Yakihitajika zaidi, ongeza kikombe kimoja kimoja, na yawe ya moto kweli, kwa sababu maji baridi hushusha joto la sufuria nzima na kukurudisha kwenye kazi ya kwanza.

Aliyeweka lita 3 hujikuta na lita nzima ya ziada mwishoni. Hapo huanza kuikausha kwa moto mkali, na wakati maji yanapungua nyama inapitiliza, viazi vinavurugika na chini kunaungua. Mpishi husema mchuzi mwingi ni mgumu kupika. Shida yake ilikuwa ile lita moja.

Mfuniko nao una sauti. Ukifunika kabisa, mvuke unarudi ndani na karibu hakuna kinachopungua. Ukiacha upenyo wa vidole viwili, unapungua polepole. Mimi hupendelea kufunika mpaka nyama ianze kulainika, kisha kuacha upenyo na kuutazama uzito wa mchuzi.

Saa inavyokwenda

Tuuweke muda wote mezani, kwa jiko la gesi la kawaida. Dakika hizi ni za makadirio, lakini uwiano wake ndio wa kuangalia.

Kwa kilo moja: kukaanga nyama dakika 10, vitunguu dakika 10, nyanya mpaka zijitenge na mafuta dakika 12, kufikisha mchemko dakika 10, nyama kulainika saa 1 na dakika 20, viazi na karoti dakika 22. Jumla ni saa 2 na dakika 24.

Kwa kilo tatu: mafungu matatu ya nyama dakika 30. Vitunguu 9 dakika 25. Nyanya 12 dakika 30. Kufikisha mchemko dakika 25. Nyama kulainika saa 1 na dakika 20, palepale. Viazi na karoti dakika 35, kwa sababu kilo moja na nusu ya viazi baridi huuzima mtokoto na sufuria hupoteza kama dakika kumi ikijirudisha. Jumla ni saa 3 na dakika 45.

Chakula ni mara tatu, muda umeongezeka kwa saa 1 na dakika 21, na hizo zote zimekwenda kwenye kukaanga, kukausha na kupasha. Ndiyo kusema anayekimbilia kuongeza moto wakati wa kulainisha nyama anaokoa mahali pasipo na cha kuokoa. Mchuzi unaotokota kwa nguvu hauna joto kubwa kuliko unaotokota polepole. Una mvuke mwingi tu. Ukitaka kuokoa muda, tumia majiko mawili mwanzoni: nyama inakaangwa kwenye moja, vitunguu na nyanya kwenye jingine, na maji yanapata moto kwenye birika.

Kuna hali moja ambayo muda wa kulainisha hubadilika kweli: vipande vinapokatwa vikubwa. Ukipika kwa wingi, buchani au nyumbani, huwa kuna kishawishi cha kukata nyama minofu mikubwa ili kazi iishe. Joto huingia ndani ya kipande polepole, na kipande chenye unene mara mbili huchelewa zaidi ya mara mbili kupata moto katikati. Kilo tatu zilizokatwa vipande vya sentimita 3 zitaiva kwa wakati. Kilo moja ya vipande vya sentimita 6 itakuchelewesha.

Unapopima kama imeiva, usionje kipande kimoja cha juu. Chukua cha juu, cha katikati na cha chini, hasa kama jiko ni dogo kuliko sufuria, maana moto hupiga katikati na pembeni panabaki hapatokoti. Ukiona povu la mtokoto liko katikati tu, koroga kutoka ukingoni kuja katikati na uizungushe sufuria mara kwa mara. Kwa mkaa, ujue kwamba jiko lililojazwa kwa ajili ya mchuzi wa saa mbili litapungua nguvu kabla ya saa nne kwisha. Ongeza mkaa mapema, kabla mtokoto haujakatika.

Na mwiko uguse chini. Mchuzi wa kina kirefu, ukishakuwa mzito, hauzunguki wenyewe kama maji, kwa hiyo ulioko chini hukaa pale pale juu ya moto. Sufuria nyembamba ya alumini huunguza haraka. Dalili ya kwanza huja mkononi kabla ya puani: mwiko unakwaruza mahali palipokuwa laini. Ukihisi hivyo, usikwangue. Epua, mimina ulioko juu kwenye sufuria nyingine, na uliogandia chini uuache huko huko.

Chumvi na viungo

Wanaosema chumvi haizidishwi mara tatu wanachanganya mambo mawili. Ulimi huhisi chumvi kwa kulinganisha na wingi wa chakula. Nyama mara tatu, viazi mara tatu na mchuzi mara tatu vitahitaji chumvi mara tatu ili ladha iwe ileile. Hakuna siri hapo. Lakini mara tatu hiyo ni ya mwisho wa safari, wakati mchuzi umeshapungua hadi uzito wake. Ukiiweka yote mwanzoni kisha maji yakapungua kuliko ulivyodhani, chumvi haitoki na mvuke, inabaki na kukaza. Pia kijiko kilichofurika kidogo katika kilo moja hakigunduliki. Vijiko vitatu vilivyofurika ni karibu kijiko cha nne.

Kwa mchuzi wetu, weka vijiko 2 nyama inapoanza kuchemka, ili iingie ndani yake. Kijiko cha tatu kisubiri mpaka viazi viive, maana viazi navyo hunywa chumvi. Kitie kwa awamu, koroga mpaka chini, subiri dakika tano, ndipo uonje. Katika mchuzi wa lita 10 chumvi huchelewa kusambaa, na anayeonja papo hapo huongeza tena bure.

Chumvi ikizidi, wengi hutupia kiazi kibichi wakiamini kitavuta chumvi. Kiazi hunywa mchuzi wenye chumvi, maji na chumvi pamoja, kwa hiyo kinachobaki sufuriani kina ukali uleule. Kinachosaidia ni kuongeza kitu kisicho na chumvi: maji ya moto, viazi na nyanya zilizochemshwa pembeni, au tui kama mchuzi unakubali nazi. Kiazi kitasaidia tu kama kinabaki na kuliwa kama sehemu ya chakula.

Kitunguu saumu na tangawizi zizidishe mara tatu bila wasiwasi. Bizari ya kusaga, anza na vijiko viwili na nusu vya chai na umalizie baadaye. Viungo vizima ndivyo vya kuchunga. Mdalasini na karafuu hutoa ladha kadiri vinavyokaa kwenye joto, na katika sufuria kubwa hukaa muda mrefu zaidi: mchemko huchelewa kufika, na ukishaepua, lita 10 hubaki za moto saa nzima na zaidi huku karafuu ikiendelea kujitoa. Vijiti 2 vya mdalasini na karafuu 6 vinatosha. Karafuu 9 si kosa la kuua mchuzi, ila ukiona imeanza kutawala huwezi kuirudisha nyuma, isipokuwa umevifunga viungo kwenye kitambaa safi cha kuchujia na kukitoa. Kwa kiasi hiki nashauri ufanye hivyo. Kuwinda karafuu kwenye sufuria ya watu ishirini si kazi ya dakika ya mwisho.

Pilipili mbuzi haina kipimo cha kuaminika hata kwa kilo moja, kwani mbili kutoka fungu moja hutofautiana ukali. Weka 2 nzima, zisizotobolewa, zikielea juu ambapo unaziona. Ikipasuka moja katikati ya kukoroga, itoe. Anayetaka ukali zaidi atengewe pilipili ya kusaga mezani. Watoto na wazee watakula kwa raha.

Kinachobaki kwenye sufuria

Jambo la mwisho halimo katika mapishi mengi, nalo linahusu afya. Mchuzi wa kilo moja ukiachwa mezani hupoa haraka. Wa kilo tatu, kwa kina chake, huweza kubaki vuguvugu usiku kucha, na vuguvugu ndilo joto ambalo bakteria huzaliana. Wapo wanaoishi ndani ya nyama kama mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Mchuzi ukishuka chini ya nyuzi 60 huamka na kuongezeka. Wengine huacha sumu ambayo kuchemsha tena asubuhi hakuiondoi. Mchuzi unaweza kumdhuru mtu kabla haujachacha wala kunuka.

Kwa hiyo usiiingize sufuria nzima kwenye friji. Katikati haitapoa kwa wakati, na itapasha vilivyo jirani. Gawa mchuzi kwenye mabakuli mapana, kina kisizidi vidole vinne, au uweke sufuria ndogondogo ndani ya beseni la maji baridi na kukoroga, ukibadilisha maji yakipata joto. Uingie kwenye friji ndani ya saa 2 tangu kuepuliwa. Kama huna friji, bora kuugawa kwa wageni na majirani ungali wa moto, wakale siku hiyohiyo. Ukiupasha kesho yake, toa kiasi kitakacholiwa tu, kichemke mpaka katikati, na kinachobaki kwenye friji kisiguswe.